Buking ya hoteli na tiketi kwa ajili ya viza ya Schengen bila kulipa pesa isiyorudi

Mteja mmoja aliwahi kuniletea mezani risiti ya usiku kumi wa hoteli, zote zimelipwa, na juu yake maneno "Non-refundable". Alikuwa ameambiwa na rafiki kwamba ubalozi hauheshimu buking ambayo haijalipiwa. Viza ikakataliwa kwa sababu ya taarifa zake za benki, jambo lisilohusiana kabisa na hoteli, na pesa ya zile siku kumi haikurudi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemtaka alipe.

Sheria ya viza ya Schengen, yaani Kanuni Na. 810/2009 ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 14, inamtaka mwombaji alete nyaraka kuhusu malazi yake, au athibitishe kwamba ana uwezo wa kuyagharamia. Haisemi malazi yawe yamelipiwa. Upande wa tiketi, kiambatisho cha pili cha kanuni hiyo kinataja nafasi iliyowekwa ya kwenda na kurudi kuwa mojawapo ya nyaraka za kuonyesha nia ya kurudi; tiketi iliyonunuliwa ni chaguo lako. Kwa hiyo kinachotakiwa ni buking ya kweli, inayoonekana hotelini mtu akiulizia, na ambayo bado ipo hai siku ofisa anapofungua faili lako. Kazi nzima ya mwongozo huu ni kuifanya buking iishi muda huo bila pesa yako kufungwa ndani yake.

Nimechagua Schengen kwa sababu ndiko hoteli na tiketi vinakodaiwa kwa makini zaidi. Uingereza ni kinyume chake: mwongozo wao rasmi wa nyaraka unaziweka buking za hoteli na za ndege katika orodha ya vitu usivyopaswa kupeleka, isipokuwa ndege kwa anayepita tu. Marekani nao wanashauri usinunue tiketi kabla viza haijatoka. Ukiomba huko, usijisumbue na mengi ya haya.

Hesabu usiku kabla ya kufungua tovuti yoyote

Makosa mengi ya hoteli huanzia kwenye tarehe. Tuchukue safari moja tuifuate hadi mwisho: mtu anaruka usiku wa tarehe 10 Septemba, anatua Paris asubuhi ya tarehe 11. Anakaa Paris hadi tarehe 17, anapanda ndege kwenda Roma, anakaa Roma hadi tarehe 21 jioni, kisha anarudi nyumbani kutoka Roma.

Usiku wa tarehe 10 analala angani, kwa hiyo hoteli ya Paris inaanza tarehe 11, si tarehe 10. Hili linaonekana dogo, lakini nimeona faili nyingi ambamo hoteli imeanza siku ya kuondoka nyumbani. Ofisa anaona mtu anayedai kulala Paris wakati tiketi inaonyesha yupo kwenye ndege, na hoteli nayo, ukija kusafiri kweli, inaweza kukuhesabu kuwa hukutokea usiku wa kwanza na kufuta siku zote zilizobaki.

Kutoka tarehe 11 hadi 17 ni usiku sita Paris. Kutoka tarehe 17 hadi 21 ni usiku nne Roma. Jumla ni usiku kumi. Siku za kukaa ndani ya Schengen, hata hivyo, ni kumi na moja, kwa sababu siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Hoteli inasoma kumi, fomu inasoma kumi na moja, na vyote viwili ni sahihi. Asiyelijua hili hurekebisha kimoja kifanane na kingine, ndipo anapoharibu.

Hesabu ya usiku ndiyo pia inayoamua uombe ubalozi gani. Kifungu cha 5 kinakupeleka kwenye nchi ambayo ndiyo mwisho mkuu wa safari yako, kwa urefu wa kukaa au kwa lengo la safari. Ikishindikana kuipata, unakwenda nchi utakayoingia kwanza. Hapa Ufaransa ina usiku sita dhidi ya nne za Italia, na lengo ni utalii kote kuwili, kwa hiyo ni Ufaransa. Ikiwa ndege yako inaunganisha Frankfurt kabla ya Paris na unapita ukaguzi wa pasipoti pale, nchi ya kuingilia kwenye fomu ni Ujerumani, ila maombi bado yanabaki ya Ufaransa. Usigawe usiku tano kwa tano kwa kupenda usawa tu. Unajitengenezea swali ambalo halikuwa na haja ya kuwepo.

Tarehe tatu zinazoamua hoteli ipi uchague

Watu wengi hutafuta hoteli kwa bei. Kwa ajili ya viza, tafuta kwanza kwa tarehe ya mwisho ya kufuta bila gharama. Andika tarehe tatu kwenye karatasi: siku utakayowasilisha maombi, siku ambayo jibu linatarajiwa, na siku ya mwisho ambayo hoteli inakuruhusu kufuta bure. Hiyo ya tatu lazima iwe baada ya hiyo ya pili.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake. Kwa safari yetu ni kati ya tarehe 11 Machi na 27 Agosti. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 tangu maombi kamili yapokelewe, lakini kanuni inaruhusu muda huo kuongezwa hadi siku 45 pale wanapotaka kuchunguza zaidi.

Mwombaji wetu anawasilisha tarehe 20 Julai. Siku 15 zinaishia tarehe 4 Agosti. Siku 45 zinaishia tarehe 3 Septemba. Sasa anaangalia hoteli mbili za Paris. Ya kwanza, nafuu kidogo, inaruhusu kufuta bure hadi siku 14 kabla ya kufika, yaani tarehe 28 Agosti. Ya pili inaruhusu hadi siku tatu kabla, yaani tarehe 8 Septemba. Mambo yakienda kawaida zote mbili zinatosha. Faili likiingia kwenye uchunguzi wa siku 45, ya kwanza inamweka kwenye kona: tarehe 28 Agosti ifike bila jibu, naye achague kufuta hoteli huku faili liko wazi, au aiache na awajibike kwa gharama. Anachukua ya pili. Ile tofauti ndogo ya bei ni ada ya kulala usingizi.

Ya Roma inaanza tarehe 17, kwa hiyo hata sharti la siku saba kabla linampa hadi tarehe 10 Septemba. Miji ya mwisho ya safari huwa na nafasi zaidi. Mji wa kwanza ndio wa kuuangalia kwa jicho kali.

Unaona pia kwa nini kuomba mapema kuna faida ya pesa. Anayewasilisha tarehe 20 Agosti kwa safari hiyohiyo hana hoteli itakayomvusha siku 45, kwa sababu siku hizo zenyewe zinavuka tarehe ya safari.

Saa ya mwisho ya kufuta huhesabiwa kwa saa za mahali hoteli ilipo. Ikiandikwa saa 5:59 usiku wa tarehe 8, ni usiku wa Paris. Mimi huweka kengele ya simu siku mbili kabla, na siangalii dakika.

Kusoma masharti ya chumba

Hoteli moja huuza chumba kilekile kwa masharti matatu au manne, na bei zikiwa zimepangwa mstari chini ya mstari. Ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu macho huenda kwenye bei ya chini kabisa, ambayo karibu daima ndiyo "Non-refundable".

Unachotaka ni mstari wenye mambo mawili kwa pamoja: "Free cancellation" na "No prepayment needed", au mahali pengine "Pay at the property". La kwanza peke yake halitoshi. Kuna vyumba vinavyofutika bure lakini vinakata pesa yote siku unapobuk, kisha vinarudisha ukifuta. Kwenye karatasi hujapoteza kitu. Kwa kweli pesa yako imekaa nje siku kadhaa hadi wiki kadhaa, imebadilishwa kwenda euro kwa kiwango kimoja na kurudi kwa kiwango kingine, na benki imechukua chake mara mbili. Zaidi ya hayo, pesa hiyo imetoka kwenye akaunti ileile ambayo unataka ofisa aione imenona.

Kuna na mtindo wa tatu, ambapo hakuna malipo ya leo lakini kadi itakatwa yenyewe tarehe fulani kabla ya kufika. Huo unafaa, mradi tarehe ya kukatwa iwe baada ya tarehe unayotarajia jibu. Iandike pembeni ya tarehe ya kufuta.

Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, fungua masharti kamili na usome sentensi inayosema utatozwa nini ukifuta baada ya tarehe hiyo, na nini usipotokea. Mara nyingi ni usiku mmoja, mara nyingine ni gharama yote. Piga picha ya ukurasa huo uihifadhi.

Kadi wanayoiomba ingawa hulipi

Hapa ndipo buking nyingi nzuri zinapokufa kimyakimya. Hoteli inayokubali ulipe ukifika bado hutaka namba ya kadi kama dhamana. Baadhi hujaribu kadi siku hiyohiyo kwa kuzuia kiasi kidogo, au thamani ya usiku mmoja, bila kukichukua. Kadi ikikataa, hoteli inaitangaza kuwa batili, tovuti inakutumia ujumbe ukiwa na muda mfupi wa kuleta nyingine, na usipojibu buking inafutwa. Wewe huku una karatasi uliyoprinti jana, yenye kila kitu, ya buking ambayo haipo.

Nilimpoteza mteja namna hiyo. Alitumia kadi ya mtandaoni aliyoitengeneza kwenye simu, akaweka pesa kidogo, akabuk, akaiacha tupu. Ujumbe wa kadi batili ukaenda kwenye barua pepe aliyokuwa haifungui. Siku ubalozi ulipopiga simu hotelini, waliambiwa hakuna mgeni wa jina hilo. Hakuwa amedanganya, lakini hakupata nafasi ya kulieleza hilo.

Kwa hiyo tumia kadi iliyoruhusiwa kufanya miamala ya nje ya nchi, ambayo muda wake hauishi kabla ya safari, na acha ndani yake angalau thamani ya usiku mmoja kwa muda wote wa kusubiri. Soma barua pepe yako kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Kama huna kadi ya aina hiyo, kwenye baadhi ya tovuti kuna kichujio cha "Book without credit card". Chaguo ni chache lakini zipo. Au iandikie hoteli moja kwa moja, hasa hoteli ndogo: waeleze unaomba viza, wape tarehe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na uwaombe barua ya uthibitisho yenye nembo, anwani, simu na jina la aliyeiandika, ikisema malipo ni wakati wa kufika. Wengi hujibu ndani ya siku mbili.

Kuhusu kadi, jambo moja la tahadhari. Baada ya kubuk unaweza kupata ujumbe unaodai kutoka hotelini, wakati mwingine hata ndani ya mazungumzo ya tovuti yenyewe, ukikutaka "uthibitishe kadi" kupitia kiungo, la sivyo buking itafutwa. Huo ni mtego maarufu. Wezi huingia kwenye akaunti za hoteli na kuandika kwa jina lake. Usibonyeze. Ingia kwenye buking yako kwa njia yako mwenyewe, au ipigie hoteli simu.

Karatasi yenyewe

Uthibitisho unaokubalika una namba ya buking, jina la hoteli, anwani kamili na simu, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu, bei, na majina. Majina ndiyo yenye shida. Tovuti nyingi huandika jina la aliyebuk tu, kisha "2 adults". Mkiwa wawili na kila mmoja ana faili lake, yule wa pili hana ushahidi wowote kwamba analala pale. Fungua buking, tafuta sehemu ya kuhariri majina ya wageni, uongeze. Isipowezekana, iombe hoteli iandike barua yenye majina yote. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile la mtaani, hata kama ndilo linalotumika kwenye akaunti yako ya barua pepe.

Usiikate karatasi ili kuficha mstari wa masharti ya kufuta. Wateja huniomba nifanye hivyo, wakidhani ofisa akiona buking inafutika ataidharau. Anajua kabisa inafutika, anaziona hizo kila siku. Karatasi iliyokatwa ndiyo inayomfanya ainue macho.

Booking.com hutoa pamoja na namba ya uthibitisho namba ya siri fupi, "PIN code". Mwenye namba hizo mbili anaweza kuifungua buking yako, hata kuifuta. Iache kwenye nakala ya ubalozi, lakini usiitume kwenye makundi ya mtandaoni kuwauliza watu kama karatasi yako iko sawa.

Anayelala kwa ndugu au rafiki hahitaji hoteli kwa siku hizo, ila mwaliko wa kawaida hautoshi kila mahali. Ufaransa, kwa mfano, mwenyeji huomba cheti cha kupokea mgeni katika ofisi ya meya wa anapoishi. Hilo huchukua muda, aanze mapema.

Tiketi

Tiketi ni ngumu kuliko hoteli kwa sababu moja: mashirika ya ndege hayashikilii kiti cha bure kwa wiki mbili. Nafasi iliyowekwa bila kulipiwa kwa kawaida huishi kati ya saa chache na siku tatu hivi, kisha mfumo unaiachia. Kwa hiyo hapa huwezi kufanya kama ulivyofanya kwenye hoteli. Unachofanya ni kuhakikisha ipo hai siku ya kuwasilisha, na kuwa tayari kuiweka upya ukiulizwa.

Nenda kwa wakala siku moja au mbili kabla ya miadi yako, umwombe akuwekee nafasi bila kutoa tiketi. Atakutoza ada ndogo, na ni haki yake, kwa sababu mashirika huwabana mawakala wanaoshikilia viti bila kuuza. Baadhi ya mashirika ya ndege nayo hukuuzia kushikilia nauli kwa siku mbili tatu moja kwa moja kwenye tovuti yao. Kwa vyovyote vile, hakikisha mwenyewe. Karatasi ya nafasi ina rejea ya herufi na namba sita. Ingia tovuti ya shirika la ndege, sehemu ya kusimamia safari, andika rejea hiyo na jina la ukoo. Isipofunguka, usikasirike bado: mfumo wa wakala una rejea yake na shirika lina yake, kwa hiyo mwombe ile ya shirika. Kwenye karatasi ya wakala, pembeni ya kila safari, tafuta alama `HK1`. Maana yake kiti kimoja kimethibitishwa. Ukiona alama nyingine, muulize.

Katika safari yetu nafasi iwe ya kuingilia Paris na kutokea Roma. Mtu akiweka kwenda na kurudi Paris kwa sababu wakala aliona ni nafuu, hoteli ya Roma inabaki inaning'inia: ataondokaje Paris tarehe 21 akiwa ameamkia Roma? Ndege ya katikati, Paris hadi Roma, haina haja ya kununuliwa. Itaje kwenye ratiba kwa tarehe na njia ya usafiri.

Zile tovuti zinazouza tiketi ya kuonyesha tu kwa pesa ya chai ni za namna mbili. Zipo zinazoweka nafasi ya kweli kama wakala yeyote, nayo inafunguka kwenye tovuti ya shirika. Na zipo zinazochora karatasi tu. Hizo za pili ni nyaraka za kughushi, na kughushi ni sababu ya kukataliwa inayoandikwa waziwazi kwenye barua. Taarifa za maombi hukaa kwenye mfumo wa pamoja wa viza hadi miaka mitano, ambako nchi nyingine za Schengen zinaziona. Hali kadhalika "vocha" za hoteli zinazouzwa na watu wanaobuk kwa kadi yao, wakakupa karatasi, kisha wakafuta kesho yake. Karatasi ilikuwa ya kweli ulipoipokea. Siku ofisa anaiulizia, si ya kweli tena.

Ratiba ya ukurasa mmoja, na pesa nyuma yake

Ratiba haihitaji kueleza kila kanisa utakalotembelea. Inahitaji kumwonyesha ofisa kwamba kila usiku una kitanda na kila mpito kati ya miji una chombo. Yetu inatosha hivi:

```
10 Sept  Kuondoka usiku, ndege       (nafasi, uk. 3)
11-17    Paris, usiku 6              (hoteli, uk. 4)
17 Sept  Paris - Roma kwa ndege      (itanunuliwa viza ikitoka)
17-21    Roma, usiku 4               (hoteli, uk. 5)
21 Sept  Kuondoka Roma jioni, ndege  (nafasi, uk. 3)
```

Iandike kwa lugha ambayo ubalozi unaipokea, weka jina na namba ya pasipoti juu, kisha pitia tarehe zake dhidi ya fomu, bima na barua ya likizo kutoka kwa mwajiri. Bima ianze tarehe 11 na kuishia tarehe 21 au zaidi. Likizo ikiisha tarehe 20, umeshapata tatizo ambalo hoteli yoyote haitalitatua.

Hapa ndipo buking isiyolipiwa inapokuwa na bei yake. Ukilipa hoteli mapema, pesa imetoka na ofisa anaiona imetoka. Usipolipa, anatafuta kwenye taarifa ya benki pesa ya hoteli pamoja na ya matumizi. Ufaransa ina kiwango cha chini kinachojulikana: euro 65 kwa siku kwa mwenye buking ya hoteli, na euro 120 kwa siku kwa asiye nayo. Kwa siku 11 ni euro 715 dhidi ya euro 1,320. Hiyo ndiyo thamani ya karatasi ya hoteli, kwa hesabu. Lakini ukiweka hoteli ya euro 180 kwa usiku, usiku kumi ni euro 1,800 ambazo hujazilipa, na ofisa ataziongeza kichwani juu ya zile 715. Chagua hoteli ambayo akaunti yako inaweza kuibeba bila kutetemeka. Watu huchukua ya nyota nne kwa sababu ni bure kubuk, wakisahau kwamba taarifa ya benki iko kurasa mbili mbele.

Mwisho wa maandalizi, chukua orodha ya nyaraka ya ubalozi husika kwa nchi unayoishi. Orodha hizo hutofautiana kidogo kati ya mahali na mahali, na ndiyo inayoshinda ushauri wa mtu yeyote, pamoja na mimi. Mfanyakazi wa kituo cha viza kama VFS Global au TLScontact hupokea na kuangalia tu, haamui. Akikuambia hoteli yako "haijalipiwa" kana kwamba ni kosa, muulize kwa upole ni wapi kwenye orodha pameandikwa ilipwe. Pakiwa pameandikwa, tii. Pasipokuwa, mwombe aipokee kama ilivyo.

Wakati wa kusubiri

Usifute kitu. Usihamishe hoteli kwa sababu umeona nyingine nafuu. Kama lazima, labda hoteli yenyewe imefuta, weka nyingine ya mji uleule na tarehe zilezile siku hiyohiyo, kisha uutaarifu ubalozi kwa njia wanayoielekeza. Jibu simu za namba usizozijua. Wakikupigia kuuliza unalala wapi Paris, uwe unajua mtaa, si kuanza kupekua karatasi.

Jibu likitoka

Viza ikitoka, soma kibandiko kabla hujanunua chochote: tarehe za kuanzia na kuishia, idadi ya siku, idadi ya kuingia. Viza inaweza kuonyesha kipindi kirefu kuliko safari yako, kwa kuwa huongezwa siku 15 za akiba, lakini idadi ya siku za kukaa ndiyo inayokufunga. Ndipo ununue tiketi, kisha ndipo ubadili hoteli ukitaka. Kubadili hoteli ni ruhusa. Kubadili safari nzima ni jambo lingine: aliyepewa viza na Ufaransa kwa usiku sita za Paris, akafuta Paris na kwenda kukaa Roma siku zote, anampa ofisa wa mpakani sababu ya kuuliza kama viza ilipatikana kwa njia halali, na viza inaweza kubatilishwa palepale. Mpakani wanaweza kukuuliza uthibitisho wa malazi upya, kwa hiyo beba karatasi za hoteli unazokwenda kulala kweli, si zile za kwenye faili la zamani.

Ikikataliwa, fungua kila buking siku hiyohiyo na uifute, kabla hujaanza kusoma barua ya kukataliwa kwa mara ya pili. Hifadhi ujumbe wa kila ufutaji, wenye sifuri kwenye mstari wa gharama, kwa sababu hoteli zingine hukumbuka kadi miezi miwili baadaye. Angalia kama kuna kiasi kilichozuiwa kwenye kadi. Kwa kawaida huachiwa chenyewe baada ya siku chache, na kisipoachiwa ni benki yako ya kuulizwa, si hoteli.

Kisha soma ni kisanduku gani kwenye barua hiyo ya kukataliwa kimewekwa alama. Kikiwa cha lengo na masharti ya kukaa, rudi kwenye ratiba, hesabu usiku upya, tafuta ule usio na kitanda.